Nusu Chupa ya Tamimu

Bi Siti Mansuri alikuwa akimimina chai mpaka ifurike kwenye kisahani. Mkono wake haukutetemeka wala hakuwa na haraka. Alimimina kwa makusudi, huku amekutazama usoni, na alipoona kisahani nacho kimepata chake ndipo alipoinua birika. Wageni wasiomjua waliruka kukwepa michirizi. Sisi tuliomzoea tuliinamia meza, tukanywa funda la kwanza bila kugusa kikombe.

"Kwetu Ujiji," alikuwa akisema, "ukipewa kikombe kisichojaa ujue unafukuzwa."

Aliondoka Ujiji akiwa bi harusi. Akaishi Kasulu zaidi ya miaka arobaini, akamzika mume hapo, akajua Kiha cha kupatana bei na Kiha cha kuliwaza wafiwa, lakini mkono wake wa birika ulibaki uleule mpaka mwisho.

Nilipanga chumba cha uani kwake nilipohamishiwa chuo cha ualimu. Duka lake la khanga na vitenge lilikuwa upande wa barabarani wa nyumba hiyohiyo, kwa hiyo asubuhi nilipopita kwenda kazini nilimkuta tayari amefungua, na jioni niliporudi alikuwa bado ameketi kati ya marobota, miguu ameinyoosha, akijibizana na wateja. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara. Alikuwa na binti mmoja tu, Mwanahawa, aliyeolewa Kibondo na Ridhiwani, kijana mwenye duka la vipuri vya baiskeli.

Mwaka 2013, mwezi wa sita, Mwanahawa alijifungua mtoto wa kiume, akavuja damu, na kabla ya alfajiri akawa amefariki. Sitaieleza zaidi ya hapo. Bi Siti mwenyewe hakuieleza zaidi ya hapo. Baada ya arobaini Ridhiwani alikuja Kasulu na mtoto kwenye kapu, kopo la maziwa ya unga pembeni yake. Alikonda mpaka shati lilimning'inia. Aliliweka kapu sakafuni dukani, akasema, "Mama, mimi siwezi," akatoka nje.

Mtoto aliitwa Tamimu.

Muuguzi wa Kibondo alikuwa amemfundisha Ridhiwani kukoroga maziwa, naye Ridhiwani akamfundisha Bi Siti: maji yaliyochemka kwanza, yapoe kidogo, kisha vijiko vya unga vilivyosawazishwa kwa kisu, bila kuongeza wala kupunguza. Katika hilo Bi Siti hakukosea hata siku moja. Alichemsha chupa na chuchu zake katika sufuria maalumu ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mikono aliiosha kama anayekwenda kuswali. Chupa aliyonunua ilikuwa ile kubwa kuliko zote dukani, na aliijaza mpaka shingoni, kwa uwiano sahihi kabisa wa maji na unga.

Na Tamimu akawa anacheua.

Alicheua akiwa begani, mgongoni, mkekani. Maziwa yalitoka bila kishindo, yakatiririka tu mdomoni mwake, naye mwenyewe akabaki anatazama dari kana kwamba si yeye. Wakati mwingine yalikuja mengi, yakafuatiwa na kilio na kujinyonganyonga. Bi Siti alizoea kuvaa kipande cha khanga kuukuu begani, na duka zima likaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Pascasie, mama wa Kikongo aliyekuja kutoka kambi ya Nyarugusu kununua vitenge vya kwenda kuuza, alimwambia siku moja akicheka:

"Mama Siti, huyu mutoto anarudishaka maziwa kuliko anavyokunywaka. Utamufunguliya kiwanda ya mutindi!"

"Na wewe ndiye utakuwa mteja wangu wa kwanza," Bi Siti akamjibu. "Shika hapo, nikukatie kitenge kabla hajakichafua."

Alicheka dukani. Uani nilimwona akifua vile vitambaa peke yake, akivikamua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ridhiwani alikuwa akija siku moja moja. Hakumbeba mtoto. Alisimama mlangoni akamtazama, akauliza kama amekula, akaacha alichonacho, akaondoka kabla basi la mwisho halijajaa. Siku alipomwona akicheua mara mbili mfululizo uso wake ulibadilika, akampigia simu dada yake Shadia, aliyeolewa Dar es Salaam. Shadia alikuwa na jibu tayari. Mwanawe wa pili alikuwa na tatizo hilohilo, na daktari wa huko alimpa maziwa maalumu ya kopo, mazito, ya watoto wanaocheua, na yakamsaidia. Angetuma kopo moja kwa basi. Halafu akasema jambo la pili, na simu ilikuwa kwenye sauti ya juu kwa hiyo sote tulilisikia:

"Yakimkubali, sawa. Yasipomkubali, Idi nakuja huko, narudi naye. Hapa kuna madaktari wa watoto. Mama ni mtu mzima, ana duka, ana msiba wake. Tusimwonee."

Bi Siti alimvuta mtoto kifuani. Ridhiwani hakukataa, na kunyamaza kwake ndiko kulikomtisha mama mkwe. Mtoto ni wa babake, na baba akisema anakwenda Dar es Salaam, anakwenda. Kwa Bi Siti hapo hapakuwa na mjadala. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha Mwanahawa duniani, na kitu hicho kilikuwa kinatema maziwa.

Kopo lilifika likiwa limefungwa kwa mkanda wa plastiki, na dereva akalikabidhi kama anayekabidhi dhahabu. Bi Siti aliniita nimsomee. Nilimwelezea nilivyoelewa: ni maziwa ya watoto kama yale mengine, ila yametiwa kitu cha kuyafanya mazito kinachotokana na mbegu za mti wa ng'ambo, ili yakifika tumboni yasipande kirahisi. Yataka chuchu yenye tundu kubwa zaidi. Na imeandikwa yatumike kwa ushauri wa mtaalamu.

"Mtaalamu ni Shadia," akasema Bi Siti. "Haya, lete kijiko."

Chuchu ya tundu kubwa haikuwamo. Tamimu alinyonya ile ya kawaida mpaka jasho likamtoka puani, akaiacha kwa hasira. Bi Siti akachoma sindano motoni, akalitanua tundu. Likatanuka mno, maziwa yakamwagika kooni mwa mtoto kwa mkupuo, akapaliwa, akawa mwekundu, na sote wawili tukapiga mayowe kama watu wasiowahi kuona mtoto. Kesho yake ikatafutwa chuchu ya sawasawa kwenye duka la dawa, na ikapatikana.

Nisiseme uongo: kucheua kulipungua. Vitambaa vya kufua vilipungua, na kilichotoka kilikuwa kizito na kidogo. Bi Siti alimpigia simu Shadia kumshukuru. Lakini mtoto alikuwa akinywa chupa nzima ileile, sasa ya maziwa mazito, na baada yake tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, akilia huku anakunja magoti. Na kopo, kwa chupa za kujazwa mpaka shingoni, halikudumu. Lilipokaribia kwisha tuliulizia maduka yote ya dawa ya Kasulu. Mwenye duka mmoja aliagiza Kigoma mjini, nako hakukuwa nalo.

Hapo ndipo mteja mmoja alipompa Bi Siti wazo. Kama kinachotakiwa ni uzito tu, kwa nini asitie unga wa muhogo kijiko kimoja katika maziwa ya kawaida? Watoto wangapi wamekua kwa uji?

Wazo hilo lilimkaa. Alikuwa mfanyabiashara, kitu kikikosekana, alitafuta kinachofanana nacho. Alilipima siku nzima. Jioni akaniambia, "Mwalimu, kesho nampeleka kliniki kupimwa. Nitamuuliza yule nesi habari ya unga. Akikubali yeye, sina wasiwasi."

Nilikwenda naye kwa sababu sikuwa na kipindi asubuhi ile. Foleni ya kina mama ilizunguka jengo, wengi wao wametoka vijijini, na Bi Siti aliwasalimu mmoja mmoja kwa Kiha, mwakeye huku, mwakeye kule, mpaka tukafika kwa muuguzi. Kezia alikuwa mwanamke mwembamba wa rika langu, asiyeinua sauti. Alimtundika Tamimu kwenye mizani. Mtoto akaning'inia kama embe kwenye wavu, akiangalia watu.

"Huyu ananenepa, bibi," Kezia akasema. "Tena vizuri kabisa. Tatizo ni nini?"

Bi Siti akamwaga yote: kucheua, kopo la Dar es Salaam, unga wa muhogo. Kezia alisikiliza, kisha akauliza maswali yake bila haraka. Je, anachotema kimewahi kuwa cha kijani? Kimewahi kuwa na damu? Kinaruka kwa nguvu kama maji ya bomba? Ana homa? Anakojoa vizuri? Anakataa kula? Kwa kila moja Bi Siti alijibu hapana, isipokuwa kukojoa, ambako alisema, "Anakojoa kuliko babu yake."

"Unga usitie," Kezia akasema. "Hajafika wakati wa vyakula, anaweza kupaliwa, na muhogo utakaa tumboni mahali pa maziwa. Wakati wake wa chakula unakaribia sasa? Mlishe hapa nione."

Bi Siti alifurahi kupewa nafasi ya kuonyesha kazi yake. Alitoa chupa ya maji ya moto, akasawazisha vijiko, akakoroga, akajaribu joto kwenye kifundo cha mkono. Chupa ilijaa. Alimpakata mtoto akiwa amelala kabisa, akamtia chuchu. Tamimu alinyonya kwa pupa mpaka katikati, akapunguza mwendo, akageuza uso upande wa dirisha. Bi Siti akatikisa chuchu mdomoni mwake. "Maliza, baba. Maliza haki yako." Mtoto akanyonya tena, akageuka tena, akarudishwa tena. Chupa ikaisha. Bi Siti akaionyesha kwa Kezia, tupu, kama mtu anayeonyesha risiti. Kisha, kwa ustadi wa miaka mingi, akainama, akamrusha mtoto mgongoni, akamfunga kwa kitenge, akakaza fundo kifuani.

Tamimu akacheua shingoni mwake.

Akacheka Bi Siti mwenyewe, akafuata Kezia.

"Bibi," Kezia akasema, akimsaidia kufungua fundo, "ukila sahani mbili za wali, kisha nikukaze mkanda tumboni na kukuinamisha, utafanyaje?"

"Nitakutapikia."

"Basi naye amefanya adabu, amekutapikia kidogo."

Akaeleza. Mlango wa tumbo la mtoto mchanga bado ni mlegevu. Wengi hucheua, kucheua huzidi karibu na umri huu, na huisha kwenyewe wanapokaa na kusimama. Huyu hana ugonjwa. Ila anajazwa kupita tumbo lake, kisha anabanwa. Ampe kidogo, mara nyingi: alama ya nusu ya chupa ile, na mara saba badala ya tano kwa siku. Ampakate kichwa kikiwa juu. Katikati amsimamishe abeue. Akimaliza, amshike wima kifuani muda wa kama nusu saa. Mgongoni apande baadaye, na fundo lisimkabe tumbo. Akigeuza uso, ameshiba, amwache. Na kulala, alale chali, mahali tambarare, bila mto.

"Mto nimemwekea mwenyewe!" Bi Siti akashtuka. "Ili maziwa yasipande."

"Uondoe. Anaweza kuteleza akajikunja, pumzi ikazibwa."

"Na kopo la Shadia?"

"Si baya. Lina kazi yake. Tukifanya haya wiki mbili na bado anasumbuka, tutamwona daktari, na huenda akasema mlitafute tena. Lakini bibi, hata maziwa mazito, ukiyajaza mpaka shingoni, yatatafuta njia."

Nilidhani tumemaliza. Lakini Bi Siti alikaa palepale, mikono juu ya magoti, amekunja uso.

"Sista," akasema, "huyu ni yatima. Mama yake yuko chini ya udongo. Unataka mimi, bibi yake, nimpe nusu chupa? Watu waone? Wasemeje?"

Kezia akasema, "Humnyimi, bibi. Unamgawia."

Tulirudi nyumbani. Nilifahamu kilichokuwa kikimtafuna, maana mtaa wote ungekifahamu. Kumpunja yatima ni jambo ambalo Waislamu wa Kasulu, na Wakristo pia, hawalisemi kwa mzaha. Yupo mzee sokoni ambaye miaka ishirini baadaye bado alikuwa akinong'onwa kwa ajili ya kula mali ya mpwa wake. Na kikombe cha Bi Siti, je? Mtu ambaye hakuwahi kumpa mgeni chai pungufu angemshikaje mjukuu wake mwenyewe, katikati ya duka, mbele ya wateja, na chupa ya nusu? Nilitaka kumwambia kitu lakini nilichokuwa nacho ni maneno ya vitabuni, na hayo alikwisha kuyasikia vizuri zaidi kwa Kezia.

Jioni ile nilimkuta anapanga vitenge. Alikuwa amekunjua jora moja mezani, akilitazama.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "jora hili mtu akinunua lote kwa mkupuo, hawezi kulivaa lote siku moja. Sivyo?"

"Ndivyo, Bi Siti."

"Nikimkatia doti moja moja, sijamwibia."

"Hujamwibia."

"Basi watasema watakavyo." Akalikunja. "Lakini akikonda, wewe na yule nesi mtanijua mimi ni nani."

Akaanza kesho yake. Siku mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Tamimu alizoea kujazwa. Nusu chupa ikiisha alilia akiitafuta, na Bi Siti alilia naye, nadhani, maana macho yake yalikuwa mekundu. Akamsimamisha, mtoto akabeua, akatulia. Muda mfupi baadaye chupa nyingine ndogo. Kumshika wima ndiko kulikobadilisha duka. Mtoto kifuani, mkono mmoja chini ya matako na mwingine mgongoni, mwenye duka hakuwa na mkono wa kukunjua kitenge. Kwa hiyo wateja wakaanza kujihudumia. "Kile cha samaki, cha tatu kutoka juu. Kivute wewe, mimi nimeshikwa." Akina mama walipanda juu ya stuli, wakashusha majora, wakapimana wenyewe kwa mikono, wakabishana, wakarudisha. Alisimama katikati akitoa amri kama mkuu wa kituo. Walioijua chupa ilivyokuwa wakaiona ilivyo sasa, na maneno yakaanza, si ya sauti kubwa. Mmoja aliuliza kama maziwa yamepanda bei. Bi Siti akamjibu, "Yamepanda, ndiyo. Ndiyo maana hatuyamwagi tena sakafuni," lakini mteja alipoondoka aliniambia, "Umesikia? Wameanza."

Kucheua hakukuisha. Kulipungua, kukawa kwa matone tu, kwa kitambaa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Tumbo likalegea. Usingizi ukarudi. Wasiwasi uliobaki ulikuwa mmoja: mizani. Kama kwa kumpunguzia amemkondesha, basi Shadia ana haki ya kumchukua, na mtaa una haki ya kusema.

Idi ya kuchinja mwaka ule ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi. Shadia alifika jana yake na Ridhiwani kutoka Kibondo, alikopitia kumsalimu kaka yake, amevaa baibui lenye nakshi, na begani mkoba wenye makopo matatu. Hakuwa mtu mbaya. Alimkumbatia Bi Siti, wakamlilia Mwanahawa pamoja kwa muda mrefu, na chai ikamiminwa mpaka kisahani kikajaa. Kisha wakati wa Tamimu ukafika.

Bi Siti alikoroga mpaka alama ya nusu. Nilimwona akisita kidogo, wageni wa Idi wamejaa sebule, majirani watatu mlangoni. Akampakata mtoto.

"Mama," Shadia akasema, "nyingine iko wapi?"

"Hii ndiyo yake."

"Hiyo?" Shadia aliitazama chupa, akatazama majirani, akamtazama kaka yake. "Mama, nisamehe. Mtoto hana mama, halafu anapewa nusu? Kama ni maziwa yamekwisha si mngetuambia? Sisi tupo!"

Jirani mmoja akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu sakafuni. Nilidhani Bi Siti atalipuka, kwa sababu sauti alikuwa nayo. Alimaliza kumlisha. Mtoto akageuza uso na kidogo bado kimebaki chupani, akakiacha. Bi Siti akamsimamisha kifuani, akampapasa mgongo mpaka akabeua.

"Shadia, mwanangu," akasema, "neno ulilosema ni zito, na umelisema mbele ya watu. Sikulaumu, ningekuwa wewe ningelisema kwa sauti zaidi. Kliniki ikifunguliwa baada ya sikukuu, twende sote tukampime. Mizani ikisema nimempunja, mchukue. Nitamfungia nguo zake mwenyewe."

"Mama," Ridhiwani akasema.

"Nimesema."

Tulikwenda wanne: Bi Siti, Shadia, Ridhiwani na mimi. Njiani Bi Siti hakumpa mtu yeyote mtoto. Kezia alimtundika, akasubiri mshale utulie. Ulitikisika huku na huku kwa sababu Tamimu alikuwa anapiga mateke, na katika muda ule mfupi nilimsikia Bi Siti akisoma kitu kwa kunong'ona.

"Ameongezeka," Kezia akasema. "Anakwenda kama anavyotakiwa." Akamwonyesha Ridhiwani nukta mpya kwenye kadi, na mstari unaopanda. "Mwanzo alikuwa anapewa zaidi ya mahitaji yake, ziada ikarudi kwenye kitambaa. Sasa anapata yanayomtosha."

Shadia alisogea akaitazama kadi kwa makini. "Mwanangu mimi yale ya kopo yalimsaidia, sista. Sikuleta hadithi."

"Najua yanasaidia. Mwanao alipewa na daktari, baada ya kujaribu mengine?"

Shadia akafikiri. "Alitwambia tumpunguzie kwanza," akasema polepole. "Tulifanya siku moja. Alilia, nikashindwa. Nikarudi, nikasema halijasaidia."

"Hata mimi siku ya pili nilitaka kuacha," akasema Bi Siti. "Uliza mwalimu."

Wakati wa chupa ukawa umefika, tukamlisha palepale kwenye benchi la nje. Ilipoisha, Bi Siti alitaka kumsimamisha, lakini Kezia, aliyetoka kuita kadi nyingine, akamwambia Ridhiwani, "Baba mtoto, mshike wewe. Nusu saa. Wima, kichwa begani, usimbane."

Ridhiwani alirudi nyuma hatua moja. Kisha akapokea. Tangu siku ya kapu sikuwa nimemwona amemshika. Alimweka begani kama mtu aliyebebeshwa sahani ya kioo, akabaki amesimama juani, haketi, hasogei. Tamimu alibeua kwa sauti ya mtu mzima. Akacheua kidogo, tone tu, kwenye kola ya kanzu ya Idi. Ridhiwani hakufuta. Baada ya muda akaanza kutembea polepole kutoka ukutani hadi kwenye kichaka cha mipapai, akarudi, akaenda tena. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walimpisha njia. Mtoto akalala. Nusu saa ikapita, na zaidi, na hakuna aliyemwambia muda umekwisha.

Aliporudi kwenye benchi macho yake yalikuwa yamelowa, na sauti yake ilikuwa imara.

"Dada, atabaki kwa bibi yake," akasema. "Nitakuja kila Ijumaa. Huyu anataka watu wa kumshika, na mimi ni mmoja."

Shadia hakubisha. Aliacha makopo mawili, akarudi na moja kwa ajili ya jirani yake wa Dar es Salaam. Yale mawili yalikaa kabatini kwa Bi Siti, na kwa jinsi nilivyomjua, aliona fahari kuwa nayo na kutoyafungua. Tamimu alipoanza kukaa mwenyewe, vitambaa vilipungua tena. Alipojifunza kusimama kwa kushika majora ya bibi yake, hakukuwa na kitambaa. Ridhiwani alikuja kila Ijumaa, au karibu kila Ijumaa.

Mwaka 2014 nilihamishiwa Kibondo. Nilipopata safari ya Kasulu nilimpitia Bi Siti. Mara ya mwisho ilikuwa katikati ya mwaka 2015, malori ya watu kutoka Burundi yalipokuwa yakipita barabarani mchana kutwa kuelekea Nyarugusu, na duka lake lilikuwa likiuza khanga za bei nafuu kwa kinamama waliofika bila kitu. Nyingine hakuziuza, alizitoa tu. Alikuwa amepungua mwili. Daktari alimwambia habari za presha, naye alinieleza kama anavyoeleza uvumi wa mtaani. Miezi mitatu baadaye ilimchukua.

Siku ile alinikaribisha chakula. Tamimu, mwenye miaka miwili, aliketi kati yetu mkekani akila wali kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, akichagua. Alikula sehemu, akaisukuma sahani. Niliona kilichobaki ni kingi, nikakusanya tonge dogo, nikamsogezea mdomoni.

Bi Siti akanishika mkono.

"Mwache, mwalimu. Akishiba husema."